Uingizaji wa data kwa mkupuo: maana yake, na mkasa wa tarehe 6

Duka la pembejeo Masasi likiuza vizuri mwezi wa Juni, wakati wakulima wanapuliza mikorosho, taarifa yake ya benki inaweza kuwa na mistari mia mbili na zaidi. Kuiandika yote kwa mkono kwenye programu ya uhasibu ni kazi ya siku mbili, tena ya kukosea. Ndiyo maana watu huitoa kwenye PDF, huigeuza kuwa faili la CSV, yaani maandishi ambayo kolamu zake hutenganishwa kwa mikato, kisha huipandisha yote mara moja. Huko ndiko kuingiza data kwa mkupuo.

Kupandisha faili ni kubofya tu. Kazi yenyewe iko kabla ya hapo, katika kuhakikisha kila kolamu ya faili inamaanisha kwa programu kile ilichomaanisha kwa benki. Programu haisomi kama mtu. Ikikuta kitu kinachofanana na tarehe, inakipokea. Kwa hiyo ujumbe wa "imefanikiwa" unakuambia kwamba umbo la data limekubalika, si kwamba hesabu ni sahihi.

Nilijifunza hili kwa duka moja la viuatilifu ambalo vitabu vyake navifunga mimi. Taarifa ya Juni 2024 ilikuwa na miamala 214. Nilipandisha faili, programu ikapokea 96 na kukataa 118. Nikadhani ile 118 ina kasoro na ile 96 ni mizima. Kumbe ilikuwa karibu kinyume chake.

Benki zetu huandika siku kwanza, kisha mwezi: 05/06/2024 ni tarehe 5 Juni. Programu yangu ilikuwa imewekwa kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi kwanza. Ikaisoma 05/06/2024 kuwa tarehe 6 Mei, na 01/06/2024 kuwa tarehe 6 Januari. Ilipofika 13/06/2024 ikagoma, kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Basi ile mistari iliyokataliwa ndiyo iliyonusurika. Iliyopokelewa ilitawanyika mwaka mzima, hadi Desemba ambayo hata haikuwa imefika. Miamala ya tarehe 6 Juni peke yake ndiyo iliyokaa mahali pake, kwa bahati tu ya siku na mwezi kulingana.

Dalili yake ni rahisi kuikumbuka: panga miamala kwa tarehe, na ukikuta kila mwezi una siku moja tu yenye miamala, na siku hiyo ni ileile, siku na mwezi vimebadilishana nafasi. Mimi niliiona kwa kuwa tarehe 6 ya kila mwezi ilijaa manunuzi ya viuatilifu, na Masasi hakuna anayenunua viuatilifu vya mikorosho kwa wingi hivyo mwezi wa Februari.

Kosa hilohilo linaweza kutokea mapema zaidi, ndani ya Excel, ukilifungua CSV kwa kubofya mara mbili kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani. Hapo tarehe za 1 hadi 12 hugeuzwa kuwa tarehe halisi (za uongo) na kusogea upande wa kulia wa kisanduku. Za 13 kuendelea hubaki maandishi, zimeegemea kushoto. Kolamu ya tarehe iliyogawanyika hivyo usiirekebishe kwa mkono. Rudi kwenye faili la awali, lipitishe kwenye `From Text/CSV`, na uchague `Do not detect data types` ili kila kitu kiingie kama maandishi. Faida nyingine ni kwamba namba za simu hazitapoteza sifuri ya mwanzo. Kisha jenga tarehe wewe mwenyewe:

```
=DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2))
```

Fomula hii inadhani siku na mwezi vimeandikwa kwa tarakimu mbili kila kimoja. Ukimaliza, toa tarehe kwa mtindo ambao programu yako imewekwa kuusoma. Mimi hupendelea 2024-06-05, ambao hauna utata kwa anayeusoma.

Kiasi cha fedha kina mtego mdogo zaidi. Kiasi kama 1,250,000 kinaweza kukatwa na CSV kuwa kolamu tatu, kwa hiyo ondoa mikato na herufi za TZS kabisa. Na kumbuka kwamba benki huandika kwa upande wake: kinachoitwa krediti kwenye taarifa yao ni fedha iliyoingia kwako, na kwenye leja yako akaunti ya benki inapata debiti. Programu ikitaka kolamu moja ya kiasi, fedha inayotoka ipewe alama ya kutoa.

Sasa ramani ya akaunti, na hapa ndipo uhasibu wenyewe unapoingia. Ni jedwali la kolamu mbili: upande mmoja maelezo ya muamala, neno kwa neno kama yalivyo kwenye taarifa, upande wa pili akaunti ya leja. "LUKU" kwenda umeme, makato ya benki kwenda gharama za benki, jina la msambazaji kwenda wadai. Maelezo yakiwa kwenye kolamu D, na jedwali kwenye karatasi iitwayo Ramani, Excel inaweza kuitafuta akaunti yenyewe:

```
=VLOOKUP(TRIM(D2),Ramani!A:B,2,FALSE)
```

`TRIM` ipo kwa sababu PDF huacha nafasi tupu mwanzoni na mwishoni mwa maneno, na kwa kompyuta neno lenye nafasi ya ziada ni neno jingine. Ikitokea `#N/A`, ujue maneno hayo hayamo kwenye ramani. Yaamue moja moja, usiyatupe yote kwenye "gharama nyinginezo".

Lakini ramani inaweza kukubali kila mstari na bado ikadanganya. Duka lile hupokea malipo mengi kwa simu, halafu mama mwenye duka huhamishia salio benki. Juni ile alihamisha shilingi 8,600,000. Ramani yangu ya kwanza ilipeleka kila fedha iliyoingia benki kwenye mauzo, na miamala ya simu nayo ilikuwa imeshaingizwa kama mauzo. Mauzo yakazidi kwa 8,600,000. Yeye ndiye aliyeliona, alipotazama karatasi: "Mwanangu, hii hela ya kwenye simu mbona imekuwa nyingi hivi? Mimi simu yangu haina kitu." Alikuwa na haki. Kuhamisha si kuuza. Fedha hiyo ilipaswa kuipunguza akaunti ya simu na kuiongeza ya benki, bila kugusa mauzo.

Ndiyo maana kabla ya kupandisha chochote mimi hujumlisha kwanza. Salio la mwanzo la Juni lilikuwa 3,400,000, zikaingia 41,750,000, zikatoka 38,920,000, kwa hiyo salio la mwisho lazima liwe 6,230,000, sawasawa na la benki. Jumla hii hukamata mstari uliopotea au kiasi kilichokatwa. Haiwezi kukamata tarehe iliyogeuzwa wala akaunti isiyo sahihi, kwa kuwa fedha ni zilezile. Kwa hayo mawili, chagua mistari kumi, hasa ya tarehe 1 hadi 12, na uifuatilie mmoja mmoja hadi kwenye leja. Ipandishe hiyo kumi peke yake kwanza, iangalie, kisha ifute kabla ya kupandisha faili zima, isije ikaingia mara mbili.