Kutempa chokoleti: kwa nini nyuzi 31 na si 36

Chukua kipande cha chokoleti nyeusi kilichotoka sasa hivi kwenye karatasi yake. Kinang'aa, na ukikivunja kinakatika kwa mlio mkavu. Kiyeyushe, ukimimine kwenye karatasi ya kuokea, ukiache kigande chenyewe. Kitachukua muda mrefu kuganda, kitakuwa laini kama mshumaa, kitanata vidoleni, na baada ya siku chache kitatoka mabaka ya kijivu. Ni chokoleti ileile, ila mafuta yake yameganda vibaya. Kutempa ni kuyaongoza mafuta hayo kwa joto na kwa kukoroga ili yagande inavyotakiwa.

Mafuta ya kakao yanapoganda hujipanga katika chembe ndogo ziitwazo fuwele, na yanaweza kujipanga kwa namna sita. Wataalamu wamezipa namba, kuanzia ya kwanza hadi ya sita, na kadiri namba inavyopanda ndivyo fuwele zinavyobanana na kuhitaji joto zaidi ili ziyeyuke. Sisi tunaitaka aina ya tano. Hiyo inayeyuka karibu na nyuzi 34 za Selsiasi, chini kidogo ya joto la mdomo, na ndiyo maana chokoleti nzuri hubaki ngumu mkononi kwa muda lakini huyeyuka ulimini. Aina ya nne inayeyuka mapema, karibu na nyuzi 27 au 28. Ukiiacha chokoleti ipoe bila uangalizi, hizi dhaifu ndizo hutangulia kujijenga. Baadaye hubadilika polepole kuwa za aina nyingine, mafuta yanasogea hadi juu, na hapo ndipo mng'ao unapopotea.

Kwa hiyo kuna hesabu moja tu ya kushika. Kati ya nyuzi 28 na 34 kuna nafasi nyembamba ambamo fuwele dhaifu zinayeyuka na fuwele za tano zinabaki. Kwa chokoleti nyeusi tunafanya kazi kwenye nyuzi 31 hadi 32. Ya maziwa inataka 29 hadi 30, na nyeupe 28 hadi 29, kwa sababu mafuta ya maziwa yaliyomo hulainisha mchanganyiko na kushusha kiwango hicho.

Tuchukue gramu 300 za chokoleti nyeusi. Kwanza hakikisha kwenye orodha ya viambato kuna mafuta ya kakao. Ile inayotengenezwa kwa mafuta mengine ya mimea haihitaji kutempwa, unaiyeyusha na kuitumia. Katakata yote vipande vidogo, kisha tenga gramu 100 pembeni. Hizo ndizo mbegu: chokoleti ya dukani imeshatempwa kiwandani, kwa hiyo imebeba fuwele za tano tayari.

Weka maji ya kina cha vidole viwili kwenye sufuria, yapashe mpaka yaanze kutoa mvuke na viputo vidogo chini, kisha zima moto. Bakuli lenye gramu 200 likae juu ya sufuria bila kitako chake kugusa maji. Wengi wanaacha maji yatokote kwa nguvu wakidhani wanaokoa muda, na mimi nadhani hapo ndipo chokoleti nyingi huharibikia. Mvuke wa maji yanayotokota una nyuzi 100, wakati chokoleti nyeusi haitaki kupita 50, na ya maziwa au nyeupe haitaki kupita 45. Ikizidishiwa joto inakuwa nzito, inaanza kuwa na chengachenga, na ile yenye maziwa hufanya vidonge ambavyo hakuna mwiko utakaovilainisha. Koroga taratibu. Theluthi mbili zikishayeyuka, ondoa bakuli, maana joto lililobaki humalizia kazi, hasa kama bakuli ni la kioo. Kipimajoto kikisoma 45 au 46, fuwele zote za zamani zimeisha, na unaanza upya.

Kabla ya kuliweka bakuli mezani, futa kitako chake kwa kitambaa kikavu. Inaonekana jambo dogo, lakini tone moja la maji likidondoka humo utaliona tatizo mbele ya macho yako: chokoleti iliyokuwa ikitiririka inakaza ghafla, inajikusanya kwenye mwiko na kuwa kama ugali mkavu wenye mchanga. Sukari iliyomo huvuta yale maji, inalowa juu juu na kugandana. Joto halina kosa hapo, na kuiongezea moto ni kuizidishia. Haitatempeka tena. Iongezee maji au krimu ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka ilainike, uifanye mchuzi wa keki. Kwa sababu hiyohiyo usiifunike inapoyeyuka, kwani mvuke utageuka matone kwenye kifuniko.

Sasa mbegu. Tia theluthi ya zile gramu 100, koroga mpaka iyeyuke, kisha tia theluthi ya pili. Hizi mbili zitayeyuka kabisa, nazo kazi yake kubwa ni kuipoza chokoleti. Fungu la mwisho lisubiri. Kipimajoto kikishuka hadi nyuzi 34, litie na ukoroge bila kuchoka, ukikwangua kingo za bakuli. Kwa kuwa joto sasa limefika pale fuwele za tano zinapoweza kuishi, hazitayeyuka zote, na kukoroga kunazisambaza na kuzifanya zizae nyingine. Ikifika 31 au 32, utaona unene wake umebadilika: ukiinua mwiko, chokoleti inaanguka kama utepe na alama yake inakaa juu kwa nukta moja mbili kabla ya kuzama. Vipande vikigoma kuyeyuka, vitoe.

Usiamini kipimajoto peke yake. Chovya ncha ya kisu, kiweke mezani kwenye chumba cha nyuzi 20 hivi, ungoje dakika tano. Ikikauka ikiwa na uso laini, yenye mng'ao sawa, bila kunata ukiigusa, iko tayari. Ikibaki na unyevunyevu, mbegu hazijatosha: ongeza kidogo, koroga, upime tena. Ikiwa na michirizi, mara nyingi haijakorogwa vya kutosha.

Ukiwa unaendelea kuchovya biskuti au kujaza kalibu, chokoleti itapoa na kuwa nzito. Irudishe juu ya mvuke kwa sekunde tano, itoe, koroga, pima. Kwenye 33 bado uko salama kidogo. Ukifika 36 hata kwa dakika moja, fuwele zote zimeyeyuka, na ingawa itaonekana nzuri na nyepesi kuliko awali, itaganda bila mng'ao. Hapo hakuna njia ya mkato: ipandishe tena hadi 45 na utafute mbegu nyingine.

Iliyoganda kwenye kalibu husinyaa kidogo, ndiyo maana ukiigeuza inadondoka yenyewe. Ikishika, usiilazimishe. Iweke kwenye friji dakika 10, siyo usiku kucha, kwa sababu ukitoa kitu baridi kwenye chumba chenye unyevu kinatoka jasho, jasho linayeyusha sukari ya juu, na likikauka linaacha unga mweupe unaokwaruza kidole. Mabaka ya mafuta ni laini na ukiyasugua kwa kidole chenye joto yanayeyuka. Huu wa sukari hauyeyuki. Chokoleti yenye mabaka ya mafuta bado inalika, na ukiiyeyusha na kuitempa upya itang'aa tena.