Tumbo lina nafasi, hamu ndiyo imekwisha

"Mbona wageni wangu huishia njiani kwenye sahani ya nne, na mlo wote nimeupanga kuanzia chepesi hadi kizito?"

Mara nyingi wamechoka ladha, hawajashiba. Mimi nami kwa miaka niliamini ni shibe, na kila nyama iliporudi jikoni nilipunguza vipimo vya sahani zilizotangulia. Nyama ikaendelea kurudi. Jibu lilikuwa mezani muda wote: mgeni aliyeisukuma nyama kando alimaliza kitindamlo chote, na hakula kwa adabu tu, alikwangua bakuli. Tumbo lililojaa halifanyi hivyo.

Mwaka 1981 Barbara Rolls na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu waliopewa sandwichi za vijazo vinne tofauti, kimoja baada ya kingine, walikula takriban theluthi moja zaidi ya waliopewa kijazo kimoja. Hizo zilikuwa sandwichi, si karamu ya sahani tano, kwa hiyo theluthi hiyo si kipimo cha jikoni. Kinachotufaa ni hiki: chakula unachokila hupungua utamu kadiri unavyokila, na kile ambacho hujakigusa hupungua kidogo sana.

Kuanza na chepesi kuna sababu yake nyingine. Ukitoka juani ukaingia chumbani unaona giza, ilhali aliyekuwa humo tangu asubuhi anasoma bila taabu. Ulimi uko hivyo kwa chumvi. Ukishazoea rojo kali, supu ya mboga inayofuata itaonekana maji matupu, ingawa mpishi hakuibadilisha hata chembe.

Sasa tazama mlo huu: supu ya uyoga yenye krimu, samaki wa siagi, kuku wa mchuzi wa krimu, nyama ya ng'ombe yenye rojo, keki ya jibini. Uzito unapanda vizuri, lakini maziwa yametawala sahani tatu mfululizo. Dalili utaziona kwa kuku: vijiko vinapunguza kasi, mchuzi unasukumwa ukingoni, maji yanaombwa.

Ningeubadili bila kugusa ngazi yake. Uyoga uwe supu ya maji, mililita 120 hivi, chumvi ikiwa kidogo kuliko unavyoipenda. Samaki, gramu 60, apate limau na mafuta kidogo badala ya siagi. Kuku, gramu 80, achomwe ngozi ikauke na kukatika kwa sauti, kwa sababu kinywa huchoka ulaini pia. Hapo nyama, gramu 120, ndiyo inaleta rojo zito kwa mara ya kwanza, na mgeni analipokea kama kitu kipya. Keki ya jibini naiondoa: baada ya rojo, machungwa yaliyomenywa na kijiko kimoja cha krimu yanatosha.

Kabla ya siku yenyewe, pika kidogo kidogo uonje sahani mbili mbili kwa mfuatano wake. Samaki aliyekolea akiwa peke yake anaweza kupooza mara tu baada ya supu yenye chumvi nyingi. Hapo punguza ya supu, usiongeze ya samaki.