Homa ya Manjano Haianzi kwa Manjano

Nimepoteza hesabu ya ndugu waliovuta kope la mgonjwa wao mbele yangu ili nijionee kwamba jicho ni jeupe, na kwa hiyo homa aliyotoka nayo msituni haiwezi kuwa homa ya manjano. Jina la ugonjwa ndilo limewapoteza, kwa kuwa limetokana na dalili inayochelewa na ambayo wagonjwa wengi hawaipati kabisa.

Dhana: Macho yakiwa meupe, si homa ya manjano

Mtu akishaumwa na mbu mwenye kirusi hukaa siku 3 hadi 6 bila dalili yoyote. Kisha homa humpanda ghafla, kichwa na mgongo vikamuuma, akapata kichefuchefu, na macho yake, yakibadilika, huwa mekundu. Hali hiyo huchukua siku 3 au 4, na wagonjwa wengi hupona hapo hapo bila kuuona umanjano hata siku moja. Kipimo cha malaria hakimalizi swali katika siku hizi, kwa sababu kikionyesha hakuna malaria bado hatujajua homa ni ya nini, na kikionyesha ipo, mtu mmoja anaweza kuwa na maradhi yote mawili.

Wachache, takriban 15 katika kila 100, hupata nafuu ya muda mfupi, pengine isiyozidi siku moja, kisha homa hurudi kwa nguvu. Nafuu hiyo ndiyo ninayoiogopa, maana mgonjwa huomba uji, ndugu hushukuru, na safari ya hospitali huahirishwa. Ni katika awamu hii ya pili ambapo macho na ngozi hugeuka manjano, mkojo ukawa mweusi na kupungua, na damu ikaanza kutoka kwenye fizi, puani na mahali palipochomwa sindano. Umanjano na damu vina chanzo kimoja, nacho ni ini. Seli zake zinapokufa, rangi ya nyongo ambayo ini lilipaswa kuiondoa hubaki mwilini na kuonekana machoni. Na kwa kuwa ini hilo hilo ndilo linalotengeneza protini nyingi za kugandisha damu, damu hukosa cha kuizuia. Inayovujia tumboni hugeuzwa rangi na asidi, na mgonjwa hutapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Karibu nusu ya wanaofikia awamu hii hufariki ndani ya siku 7 hadi 10. Ndiyo maana sichoki kurudia kwamba homa isiyojulikana chanzo chake isitibiwe kwa aspirini wala ibuprofeni, ambazo huzidisha kuvuja damu na kuumiza tumbo. Hata parasetamoli isizidi kipimo, kwa sababu nayo hutegemea ini.

Kinachonikera zaidi katika dhana hii ni kwamba haimdhuru mgonjwa peke yake. Kirusi hujaa kwenye damu tangu muda mfupi kabla ya homa kuanza hadi siku 3 hadi 5 baadaye, yaani wakati ule ule ambao jicho ni jeupe. Umanjano unapotokea, kwa kawaida kirusi kimekwisha kupungua sana katika damu. Hivyo anayesubiri manjano ndipo amkinge mgonjwa na mbu, huanza kumkinga wakati mbu wamekwisha kunywa walichokitaka.

Dhana: Ni ugonjwa wa msituni, mjini hauji

Kweli, makao ya kirusi ni msitu, ambako huzunguka kati ya nyani, tumbili na mbega na mbu wanaokaa juu kwenye vilele vya miti. Watafiti waliofanya kazi Bwamba, magharibi mwa Uganda, walionyesha jinsi kinavyoshuka: tumbili huingia mashambani kuiba ndizi, na huko huumwa na mbu wa aina nyingine, anayezaliana katika maji yaliyotuama kwenye makwapa ya majani ya mgomba, ambaye baadaye humuuma mkulima. Lakini mjini kirusi hakimhitaji tumbili. Kinamhitaji binadamu mwenye homa, pamoja na mbu yule yule anayeeneza dengi, mwenye madoa meupe miguuni.

Tuchukue mkata mbao aliyeumwa na mbu msituni tarehe 1. Tarehe 4 anarudi mjini akiwa mzima, tarehe 5 homa inampanda, na kwa siku 3 analala sebuleni mchana kutwa akinywa dawa za malaria. Tarehe 6 anaumwa na mbu wa nyumbani. Mbu huyo hawi hatari papo hapo, kwa kuwa kirusi huchukua siku kama 10 hadi 12, au zaidi kukiwa na baridi, kusafiri kutoka tumboni mwake hadi kwenye tezi za mate. Tarehe 17 anamuuma jirani ambaye hajawahi kuuona msitu, na jirani anaanza kuugua kati ya tarehe 20 na 23. Wakati huo mkata mbao amekwisha kupona au kuzikwa, na hakuna anayeziunganisha homa hizo mbili. Katika mji wenye watu wengi wasiochanjwa, mnyororo huo hujirudia kimyakimya. Mlipuko ulioanza Luanda mwishoni mwa 2015 ulivuka mpaka na kufika Kinshasa mwaka uliofuata.

Kwa hiyo agizo langu ni moja, na watu hulicheka: mgonjwa wa homa alale ndani ya chandarua *mchana*, kwa sababu mbu huyu huuma mchana. Mapipa ya maji nayo yasuguliwe kuta zake, yasimwagwe tu, kwani mayai hubandikwa ukutani juu kidogo ya maji na hustahimili ukavu kwa miezi.

Dhana: Ukimgusa mgonjwa anayevuja damu utaambukizwa

Mwaka 1900, huko Kuba, watu waliojitolea walilala siku 20 mfululizo katika matandiko yaliyochafuliwa na wagonjwa, na hakuna aliyeugua. Muuguzi avae glovu kama kawaida. Anayebeba ugonjwa ni mbu.

Dhana: Tumbili wauawe

Hapana. Huko Brazili, ambako tumbili wengi hufa kwa ugonjwa huu tofauti na wa Afrika, mizoga yao ndiyo inayowatahadharisha watu kabla ya binadamu kuugua.

Dhana: Chanjo hurudiwa kila baada ya miaka 10

Ilikuwa hivyo zamani kwa wasafiri. Tangu tarehe 11 Julai 2016, cheti cha kimataifa hudumu maisha yote ya aliyechanjwa, hata kama kilitolewa zamani na kuandikwa tarehe ya mwisho. Wachache, kama waliochanjwa wakiwa wajawazito au wenye kinga dhaifu, wanaweza kushauriwa kurudia.

Kosa linalotugharimu kweli ni la upande wa pili, yaani kuchanjwa asubuhi ya safari. Chanjo hii ni kirusi hai kilichodhoofishwa, na mwili unahitaji muda wa kujifunza kutoka kwake. Wengi hupata kinga ya kutosha baada ya siku 10, na karibu wote baada ya siku 30. Ndiyo maana cheti nacho huanza kutumika siku ya 10. Kwa sababu ni kirusi hai, haipewi watoto wa chini ya miezi 6 wala wenye upungufu mkubwa wa kinga, na anayeitaka kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60 au zaidi huzungumza kwanza na daktari. Yule mkata mbao angechanjwa mwezi mzima kabla ya kuingia msituni, yeye na jirani yake wasingekuwa na tarehe za kuhesabiwa.