Matairi ya matatu kwenye gemu: kinyumenyume barabarani, kuzama kwenye matuta

"Natengeneza gemu ya matatu inayotoka Nakuru kwenda Kisumu. Kwa nini matairi yakishika kasi yanaonekana kuzunguka kinyumenyume, na kwa nini yanazama ndani ya tuta kabla ya kuruka juu?"

Tuanze na mzunguko. Tairi lisiloteleza hubingirika barabarani kulingana na ukubwa wake, kwa hiyo kasi ya kuzunguka ni kasi ya gari kugawanya kwa nusu kipenyo cha tairi. Tuseme tairi la matatu yako ya abiria 14 lina nusu kipenyo cha mita 0.35. Katika Unity, mistari miwili inatosha:

```
float w = kasi / 0.35f;   // radiani kwa sekunde
pembe += w * Time.deltaTime * Mathf.Rad2Deg;
```

Hiyo `kasi` iwe katika mita kwa sekunde, na iwe na alama ya kutoa gari linaporudi nyuma. Wengi huchukua ukubwa wa mwendo tu, na dereva akitia rivasi matairi yanaendelea kuzunguka mbele.

Sasa endesha matatu kilomita 80 kwa saa, kikomo ambacho sheria ya Kenya inaziwekea matatu. Hiyo ni mita 22.2 kwa sekunde. Gawanya kwa 0.35, upate karibu radiani 63.5 kwa sekunde. Gemu ikichora fremu 60 kwa sekunde, tairi linageuka nyuzi 60.6 kati ya fremu moja na inayofuata. Kama rimu ina spoki sita zinazofanana, nafasi kati ya spoki na spoki ni nyuzi 60 kamili. Basi kila spoki inaangukia karibu pale pale ilipokuwa mwenzake, na jicho linaona rimu iliyosimama. Punguza hadi kilomita 78: kila fremu tairi linageuka nyuzi 59.1, yaani linapungukiwa kidogo, na rimu inaonekana kurudi nyuma polepole. Hesabu yako haina kosa lolote. Picha ni chache mno kuonyesha mzunguko huo. Udanganyifu huanzia pale mzunguko wa fremu moja unapozidi nusu ya nafasi ya spoki, nyuzi 30, ambayo kwa matatu hii ni karibu kilomita 40 kwa saa. Kwenye simu inayochora fremu 30 tu, unaanza mapema zaidi, kilomita 20. Dawa ya kawaida ni kuwa na rimu ya pili iliyochorwa ikiwa na ukungu, isiyo na spoki za kuhesabika, na kuifichua taratibu unapokaribia kasi hiyo.

Tuta ni habari nyingine. `WheelCollider` ya Unity haigusi barabara kwa duara la tairi. Inatupa mwale mmoja mwembamba kwenda chini, kama fimbo ya kipofu, kutafuta umbali wa ardhi. Ukitoa nusu kipenyo kwenye umbali huo unapata urefu wa springi kwa wakati huo. Barabara tambarare ikiwa mita 0.55 chini ya mahali springi iliposhikwa, springi ina mita 0.20. Ukifika kwenye tuta la sentimita 8, mwale unarudisha 0.47, springi inabanwa hadi 0.12, na tairi linachorwa sentimita 8 juu zaidi ukilinganisha na bodi.

Shida ni kwamba mwale uko katikati ya tairi. Tairi halisi la ukubwa huu, likikutana na tuta lenye ukingo wima wa sentimita 8, huanza kuligusa wakati katikati ya tairi bado iko sentimita 22 nyuma ya ukingo. Mwale hauna habari hadi ufike juu ya ukingo wenyewe, kwa hiyo sehemu ya mbele ya tairi inazama kwenye lami, kisha tairi zima linaruka ndani ya fremu moja. Ukitaka kulishuhudia, simamisha gemu mbele ya tuta na usogeze fremu moja moja, mwale ukiuchora kwa `Debug.DrawRay`.

Kulainisha mruko huo peke yake hakusaidii sana: tairi litachelewa kupanda, na litazama zaidi. Afadhali utumie `Physics.SphereCast`, inayoshusha mpira wenye nusu kipenyo cha tairi, kisha uweke tairi linaloonekana pale mpira uliposimama. Anza kuushusha kutoka juu vya kutosha, kwa sababu ardhi ambayo mpira umeshaigusa tangu mwanzo haihesabiwi. Mpira nao una tabia yake: ni mnene kuliko tairi, upana wa sentimita 70, hivyo matatu ikipaki kando ya ukingo wa barabara tairi litapanda ukingo ambalo halijaugusa. Kwa barabara za mjini mimi ningetupa miale mitatu, mmoja mbele ya katikati, mmoja katikati na mmoja nyuma. Kwa kila mwale wa pembeni kumbuka kwamba duara limeinuka pale, kwa hiyo toa umbali wa wima kutoka kimo cha kitovu hadi chini ya duara mahali hapo badala ya 0.35 nzima, kisha uchukue jibu linaloinua tairi zaidi.