Kile kipengele cha Tafsiri kwenye mkataba

"Pale mwanzoni si ni maana za maneno tu, naruka naenda kwenye bei na malipo, kuna shida?"

Ipo, tena kubwa, kwa sababu kila neno lililopewa maana pale linaingia na maana hiyo kila linapotokea. Chukua mkataba wa kuuza sangara kiwandani hapa Mwanza. Tafsiri inasema "Bidhaa" ni sangara waliopokelewa na kukubaliwa na Mnunuzi. Kipengele cha 7 kinasema hasara ya Bidhaa inahamia kwa Mnunuzi zikishapakiwa kwenye gari lake mwaloni, unaona uko salama, ila barafu ikiyeyuka njiani samaki wakaharibika atakwambia hao hawajakubaliwa bado, kwa hiyo sio Bidhaa, hasara yako. Na kipengele cha 7 hakijaguswa hata nukta!

Ukisoma, kila ukikuta Bidhaa weka ile tafsiri nzima mahali pake, sentensi ikigoma umelipata tatizo. Mi ningeandika "sangara wabichi wanaouzwa chini ya mkataba huu" basi, mambo ya kukubaliwa yakae kwenye kipengele chake cha ukaguzi.