Akaunti yako na peji ya duka: dhana potofu kutoka Mwaloni Kirumba

Mama mmoja anayeuza zana za uvuvi jirani na Mwaloni wa Kirumba, hapa Mwanza, aliniletea simu akiamini imeharibika. Kila akibonyeza kukubali ombi la urafiki Facebook, linagoma. Simu ilikuwa nzima. Kilichojaa ni akaunti yake: Facebook humruhusu mtu kuwa na marafiki 5,000, basi. Nikashuka chini kidogo kwenye akaunti hiyo, nikakuta tangazo la msiba wa kaka yake, na katikati ya salamu za pole mtu ameandika, "Boya zipo? Bei gani?"

Huyo mteja hakuwa na kosa. Akaunti ilikuwa na jina la duka na picha ya marobota ya nyavu. Angejuaje kwamba hapo pia ndipo familia inapolilia wafu wake?

Dhana: Nikiipa akaunti jina la duka, inakuwa ya biashara

Ukweli: jina halibadilishi kitu. Akaunti binafsi ni ya mtu, na masharti ya Facebook yanataka iwe na jina analotumia katika maisha yake ya kila siku. Akaunti ya mtu inayogeuzwa duka inaweza kufungwa, na ikifungwa, picha za wajukuu zinaondoka pamoja na wateja. Peji ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya duka. Watu hawaombi urafiki, wanaifuata tu, na idadi yao haina kikomo cha 5,000.

Kuna tofauti nyingine ambayo wengi hawaioni kwa sababu wao wenyewe wanaona kila kitu. Picha uliyoweka kwenye akaunti binafsi kwa ajili ya marafiki tu haitoki nje ya marafiki hao. Mvuvi wa Ukerewe akiisambaza kwa wenzake wa kambini, wale ambao si marafiki zako hawataiona. Tulijaribu kwa simu ya kijana wa duka la jirani, ambaye si rafiki wa mama Facebook. Alipofungua akaunti, kati ya picha kumi za nyavu aliziona mbili. Fanya jaribio hilohilo kabla hujalaumu soko. Kilichowekwa kwenye peji huonekana kwa yeyote, awe anaifuata au haifuati.

Dhana: Peji inataka namba nyingine na nywila nyingine

Ukweli: peji haina nywila yake. Inaning'inia kwenye akaunti yako, kama kibanda kilichounganishwa kwenye ukuta wa nyumba. Unaingia kwa akaunti yako, kisha unahamia kwenye peji. Wateja wanaona jina la duka, hawaoni kwamba ni wewe unayeandika, isipokuwa ukiamua kujitambulisha.

Muungano huo una hatari moja. Kama msimamizi ni wewe peke yako na akaunti yako ikaibiwa, duka nalo limekwenda. Kwa hiyo siku ileile ya kufungua peji, ingia kwenye mipangilio, tafuta `Page access`, umwongeze mtu wa pili unayemwamini kama roho yako, umpe mamlaka kamili. Mama alimweka binti yake. Kijana wa dukani tulimpa kazi ya kujibu ujumbe tu. Zamani alikuwa anaachiwa simu ya mama yenye akaunti wazi, anasoma na ugomvi wa mashemeji. Sasa anajibu wateja kwa simu yake, na akiacha kazi anaondolewa bila mtu kubadilisha nywila yoyote.

Dhana: Ninachoweka huku niweke na kule, ndiyo kutangaza

Hii ndiyo iliyotuchukulia muda, maana mama alidhani nataka aache kuitaja biashara kwenye akaunti yake. Hapana. Marafiki zake ni wavuvi, wachuuzi wa dagaa na watu wa kanisani kwake, na wanamwamini yeye kabla ya kuliamini duka. Ila kila upande una sauti yake.

Kwenye peji kinakaa kile ambacho mgeni asiyekujua atakihitaji ili anunue. Picha ya wavu ulionyooshwa mezani, si robota lililofungwa. Ukubwa wa tundu, kama ni inchi 6 au 7 kwa sangara. Urefu wa kipande, na bei iliyoandikwa. Ukiandika "njoo inboksi", mvuvi wa Kome mwenye bando la mwisho hatakuja, atauliza kwa jirani yako. Weka saa za kufungua, ramani, namba ya kupiga, na maelezo ya jinsi mzigo unavyofika kivukoni na nani analipia usafirishaji. Timba na makokoro usiyaweke, hata kwa utani: ni zana haramu, na peji inamwonyesha kila mtu, Idara ya Uvuvi ikiwemo.

Wakati nao una maana yake. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa hukaa nchi kavu wakishona nyavu na kuhesabu kilichochakaa. Mama alikuwa anaweka picha za nyavu siku yoyote anayokumbuka. Sasa picha za nyavu, nyuzi na boya zinatoka mbalamwezi inapoanza kujaa, na za taa za sola siku chache kabla ya giza kurudi. Peji inakuruhusu kupanga tangazo litoke siku na saa utakayo, hivyo anayaandaa yote jioni moja.

Kwenye akaunti yake amebaki mama mwenyewe: harusi, msiba, safari ya Sengerema. Mzigo mpya ukifika, anauweka kwanza kwenye peji, kisha anausambaza kutoka huko kwenda kwenye akaunti kwa sentensi yake mwenyewe: "Jamani, zile nyavu mlizonisumbua tangu mwezi uliopita zimefika." Anayebonyeza anaangukia dukani, na maswali ya bei yanabaki kule. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Zaidi ya hapo ndugu huchoka, hata kama hawasemi.

Dhana: Nikifungua peji, wale 5,000 watahamia

Hawahami wenyewe. Peji inaanza na watu sifuri. Kuna `Invite friends`, lakini nilimshauri asiwaalike wote. Shangazi wa Shinyanga asiyenunua nyavu hana faida kwenye peji. Alianza na wavuvi na wenye mitumbwi, na akabandika jina la peji ukutani pale kaunta.

Peji nayo ina mipaka yake. Haiwezi kumwomba mtu urafiki, wala kumtumia ujumbe mtu ambaye hajaiandikia kwanza. Na si kila anayeifuata huona kila unachoweka. Facebook huwaonyesha baadhi, na wakigusa au kuuliza, huwaonyesha wengine. Ndiyo maana swali lililokaa siku tatu bila jibu linaumiza kuliko wiki nzima bila picha. Kulipia tangazo kunaweza kusubiri. Ukifika huko, chagua Mwanza na visiwa vyake. Ukiacha Tanzania nzima, utalipia macho ya watu wa Dodoma.

Mama aliniuliza swali moja nikiwa naondoka: je, afute zile picha za nyavu za miaka yote kwenye akaunti? Nilimwambia aziache, ila arudishe jina lake halisi na aweke picha ya uso wake. Alichagua ile aliyopiga siku ya ubatizo wa mjukuu.