"Kukaribia Matarajio" Katika Ripoti ya Mtoto wa Gredi ya Kwanza

Nyanya akiuliza "amekuwa namba ngapi?", ripoti ya muhula ya mtoto wa miaka sita haina jibu. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka 2019, mwalimu wa Gredi ya Kwanza hutumia ngazi nne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio. Matarajio yenyewe ni ya somo, yaani jambo ambalo mtoto anatazamiwa kuliweza baada ya kufundishwa. Halinganishwi na mwenzake wa dawati, kwa hiyo darasa zima linaweza kufikia, au zima likawa bado linakaribia.

Ngazi inayowasumbua wazazi ni ya tatu. Wengi huisoma kama njia ya adabu ya kusema mtoto ameanguka. Sivyo. Anayekaribia anaweza sehemu ya kazi, au anaiweza yote akisaidiwa kidogo. Aliye mbali bado inamshinda hata akisaidiwa. Shida ni kwamba ripoti haisemi ni sehemu gani imebaki, na hapo ndipo penye maana.

Tuchukue Akinyi, mtoto wa mfano tu, wa Kisumu, ambaye kwao wanaongea Kijaluo. Ripoti yake inasema kusoma: kukaribia, hisabati: kukaribia, kushirikiana na wenzake: kufikia.

Kwenye kusoma, Akinyi anasema "sule" panapoandikwa shule, na "mesa" panapoandikwa meza. Kijaluo hakina sauti ya sh wala ya z, na meza kwao huitwa mesa. Je, hajui kusoma au ulimi haujazoea? Kujua si kazi ngumu. Mwandikie shule, sahani na meza bila picha kando, kisha umwambie aonyeshe kila neno linataja nini. Akionyesha sawasawa, amesoma. Kilichobaki ni matamshi, na hayo huja kwa kusikia na kuongea. Lakini kama alikuwa akiangalia picha ya meza ndipo aseme "mesa", na picha ikifunikwa anataja herufi moja moja bila kuziunganisha kuwa silabi, basi kusoma kwenyewe ndiko kunakohitaji kazi. Mwalimu akichanganya mambo haya mawili, mtoto anayesoma vizuri ataandikiwa kukaribia kwa sababu ya lugha ya nyumbani. Binafsi naona ni dhuluma ndogo, ila inatokea.

Kwenye hisabati hali ni nyingine kabisa. Akinyi anaimba hesabu toka moja hadi hamsini bila kukwama, na nyumbani wanamshangilia. Mwagie vifuniko 14 vya soda mezani: anakigusa kimoja mara mbili, anapata 15. Mwambie aandike ishirini na saba, anaandika 207. Kosa hilo lina akili ndani yake, maana amesikia 20, akaiandika, kisha akasikia 7, akaiongeza mbele. Hajaelewa bado kwamba nafasi ya tarakimu ndiyo inayobeba makumi. Kumwandikisha 27 mara nyingi kwenye daftari hakutamsaidia sana. Afunge vijiti kumi kumi, apate mafungu mawili na vijiti saba vilivyobaki, kisha aandike idadi ya mafungu kwanza na ya vijiti baadaye.

Kushirikiana hakuna mtihani. Mwalimu huangalia kama mtoto anangoja zamu yake, anaazima wenzake kalamu za rangi, anasema anachotaka badala ya kunyakua. Kwenye darasa lililojaa, mtoto mkimya huandikiwa kufikia kwa vile tu hasumbui mtu. Ukitaka kujua kama neno hilo lina uzito, mwulize mwalimu akupe tukio moja aliloliona.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu muhtasari wa muhula. Mwalimu huwa ameandika ngazi hizi mara kadhaa, na si busara kuzichukulia wastani. Mtoto aliyekuwa mbali mwanzoni na sasa anafikia, anafikia. Yale ya mwanzo yamepita. Muhtasari useme alipo sasa.

Kisha kuna nafasi ya maoni, ambayo mara nyingi hujazwa "aongeze bidii". Kwa Akinyi, maoni yenye faida yangekuwa hivi: "Anasoma maneno ya silabi mbili na kuyaelewa, anaendelea kuzoea kutamka sh na z. Anahesabu kwa mdomo hadi 50. Ajizoeze kuhesabu vitu akivisogeza kando kimoja kimoja, na kufunga vijiti kwa makumi kabla ya kuandika namba. Hungoja zamu yake kwenye mchezo wa kamba."